Picha ya Kipchoge pale Vienna: kwenye alt uandike nini, uache nini

Leo nachukua picha moja tu tuifanyie kazi yote, maana kazi yangu ni kuandika alt, yaani maelezo ya picha yanayowekwa kwenye msimbo wa ukurasa kwa ajili ya wasioona, na naona watu wana kanuni kibao kichwani ila wakikutana na picha yenyewe wanabaki wanaikodolea macho.

Picha ni ya Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, siku Eliud Kipchoge alipomaliza umbali wa marathoni kwa 1:59:40. Barabara imenyooka, miti huku na huku, watu wamejipanga pembeni. Kipchoge kavaa fulana nyeupe, yuko katikati ya wakimbiaji saba wa kumsaidia wenye fulana nyeusi. Mbele yao kuna gari linalomulika mistari ya kijani kwenye lami kuwaonyesha spidi.

Sasa hapo ukiandika kila kitu unampa msikilizaji mzigo. Mtu anayetumia kisoma skrini, ile programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, iwe NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, alt anaisikia kama kipande kimoja mfululizo, haina vichwa vya habari wala aya za kurukia, kwa hiyo kama jambo lenyewe umelificha mwishoni baada ya miti na watazamaji, ujue wengi washasonga mbele. Kwa hiyo kabla sijaandika chochote huwa naisoma makala bila picha, halafu najiuliza ni wapi imenikwama, hapo ndo picha inafanya kazi.

Tuseme makala inaeleza jinsi wale wasaidizi walivyomkinga upepo. Bila picha sijui walikaaje, basi alt yangu ni hii:

```
alt="Kipchoge katikati ya wakimbiaji saba: watano mbele yake wamejipanga kama V iliyofunguka kuelekea mbele, wawili wako nyuma yake."
```

Miti imeondoka, watazamaji wameondoka, hata gari limeondoka. Hiyo V nimesema imefungukia wapi kwa sababu wengi wakisikia V wanawaza ncha iko mbele, kumbe pale ilikuwa kinyume, na makala nzima inasimama hapo hapo.

Picha ile ile uiweke kwenye makala ya kwa nini muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, mambo yanageuka. Pale hoja ni kwamba hayakuwa mashindano ya wazi, wasaidizi walikuwa wanaingia na kutoka kwa zamu, na kulikuwa na gari la kuongoza spidi. Nani kakaa wapi haina maana tena:

```
alt="Kipchoge na wasaidizi saba wakikimbia nyuma ya gari linalomulika mistari ya kijani barabarani."
```

Kuna mtu ataniambia ongeza "hakuna mpinzani hata mmoja". Mi siongezi, hiyo ni hoja ya mwandishi na iko kwenye aya tayari, na picha yenyewe inaonyesha kipande tu cha barabara.

Kuhusu rangi, eti asiyeona rangi hazimhusu? Si kweli, wapo wengi waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani na wanazikumbuka vizuri tu, na hata asiyewahi kuziona anajua watu wanazizungumzia. Mi naziweka pale zinapotofautisha kitu, mfano makala ikisema "yule wa nyeupe" basi alt lazima iwe na hiyo nyeupe, la sivyo msikilizaji anaachwa njiani.

Uso ndo mtego mkubwa. Kuna picha za siku hiyo Kipchoge anaonekana akitabasamu, na mtu haraka haraka anaandika "akiwa na furaha". Kipchoge mwenyewe ameshaeleza kwamba hutabasamu makusudi akikimbia ili alegeze mwili na asahau maumivu! Andika "anatabasamu", basi, hiyo furaha ni ya kwako.

Vitu vidogo vya kumalizia. Usianze na "picha ya", kisoma skrini kinatangaza chenyewe kwamba hii ni picha. Kama chini kuna maelezo yanayosema "Kipchoge akiwa Vienna, 2019", usiyarudie kwenye alt, atasikia sentensi ile ile mara mbili. Na picha ya urembo tu, mfano kipande cha lami ulichoweka kutenganisha sehemu, iachie `alt=""` tupu, itarukwa kimya. Ila usiifute `alt` yenyewe, kwani ikikosekana kabisa visoma skrini vingine vinasoma jina la faili, na mtu anaishia kusikia "IMG underscore" na tarakimu zake zote.

Kama unataka kupima, msomee mtu alt yako kwenye simu halafu mwambie achore walivyopanga mstari. Akichora V yenye ncha mbele, rudi kwenye sentensi.