Nyuki anavyowaelekeza wenzake maua yalipo

Wafugaji wakija ofisini kwetu swali halikosi: miti ikichanua huko porini, nyuki wanajuaje karibu wote kwa mpigo? Wanaambiwa bana, na anayewaambia anacheza dansi.

Kibarua akirudi na mbochi, yaani yale majimaji matamu ya kwenye ua, anapanda kwenye sega ndani ya giza, anatembea kimstari kifupi huku anatikisa tumbo, anazunguka kulia kurudi alipoanzia, anatikisa tena, safari hii anazungukia kushoto. Wenzake hawamuoni, wanamfuata wakimpapasa kwa vipapasio. Na kwa kuwa sega linaning'inia wima, kwao "juu" ndo jua.

Chukulia mzinga uko Tabora, mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, jua liko mashariki. Akitikisa kuelekea juu kabisa, anasema lifuateni jua. Akilalia kulia nyuzi 90, maua yako kusini, maana ukilitazama jua saa hiyo kusini iko mkono wako wa kulia. Sasa rudi saa tisa alasiri, jua lishahamia magharibi, maua ni yaleyale ila dansi imegeuka, analalia kushoto! Umbali uko kwenye muda wa kutikisa, sekunde moja ni kama kilomita moja hivi. Aliyefumbua haya ni Karl von Frisch, akapewa Nobeli 1973. Kitu nyuki hawezi kusema ni kama ua liko kileleni au chini, hapo wenzake wakishafika wanatafuta kwa harufu waliyoinusa mwilini mwake.

Halafu hachezi ovyo. Mbochi anamtemea nyuki wa ndani mdomo kwa mdomo, na akizunguka sana bila kupata wa kumpokea hachezi dansi ya kuita watu shamba, anatetemeka tu huku na huku, na hiyo ni kuomba wapokeaji waongezeke.

Mpokeaji naye analitoa tone nje ya mdomo, analirudisha, analitoa tena, dakika kama 20, huku vimeng'enya vyake vinavunja sukari. Kisha linawekwa kwenye vijumba vya sega na wengine wanapepea mbawa mpaka usiku. Mbochi mara nyingi ni maji zaidi ya nusu, asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20, na ikifika hapo ndo wanaiziba kwa nta.

Mimi mwenyewe nilipoanza niliharakia, nikakata masega mengi hayajazibwa, wiki chache tu ndoo ikaanza kutoa povu na harufu ya pombe. Siku hizi kama mzinga una fremu naishika moja imelala, naitikisa kidogo, ikidondosha matone nairudisha nafunga mfuniko.