Kugonga mbao na kupishanisha vidole: maana yake ni nini?

Mwingereza akisema, "Nimeendesha gari miaka kumi, sijapata ajali hata moja," mara nyingi hunyoosha mkono akagusa meza, akaongeza: gusa mbao. Mmarekani yeye huigonga. Wote wawili wanaogopa kitu kimoja: kujisifu kusije kukaamsha balaa. Hofu hiyo tunaijua vizuri, ndiyo maana tunasema maneno huumba. Tusichokuwa nacho ni ubao wenyewe.

Ukitafsiri "gonga mbao" neno kwa neno, msomaji anabaki hewani, na wa Nairobi anaweza kufikiria hela, maana mtaani kwake mbao ni shilingi 20. Dereva wetu angesema, "Sijapata ajali hata moja, Mungu apishe mbali." Angekuwa anasifia afya ya mtoto wake, angetia "Mashallah", kwa kuwa hapo kinachoogopwa ni kijicho.

Kupishanisha vidole, yaani cha kati juu ya cha shahada, ni habari nyingine. Anayegonga mbao anailinda heri aliyo nayo tayari, wakati anayepishanisha vidole anaomba ambayo bado haijafika: matokeo ya mtihani, viza, penalti ya dakika ya mwisho. Hapa Kiswahili kina "Inshallah", "Mungu akijalia", au "tuombe Mungu". Ila "Inshallah" ina mtego wake. Ukimwalika mtu harusini akajibu "Inshallah" kwa sauti ya kuvuta, huenda ameshakataa kwa adabu. Mwenye hamu ya kweli humalizia kwa kitu kizito zaidi: "Inshallah nitafika, niwekee nafasi."

Tatizo linakuwa gumu kwenye filamu, kwa sababu mkono unaonekana. Mhusika asiyeamini Mungu anagonga meza mara tatu, na maandishi ya chini yanasema "Mungu apishe mbali": umemtia dini asiyokuwa nayo. Mimi ningeandika "nisije nikajitia mkosi". Linabeba hofu ileile bila kumtaja Mungu, na anayeona mkono ukigonga meza ataelewa kwamba ni namna ya kuufukuza huo mkosi.

Hata Ulaya kwenyewe hawakubaliani. Mtaliano hugusa chuma badala ya mbao. Mjerumani anayekutakia heri hafanyi chochote na kidole cha shahada, bali hufumbata kidole gumba ndani ya ngumi. Nchini Vietnam, vidole vilivyopishana ni tusi la matusi ya nguoni, kwa hiyo usimwonyeshe mtu anayekwenda kwenye usaili wa kazi. Na kwa watoto wa Kiingereza, vidole hivyohivyo vikipishanishwa nyuma ya mgongo vina kazi nyingine kabisa: ahadi inayotolewa hapo haihesabiki.