Dijkstra haendi mbele kwa mbele

“Si unachukua tu barabara fupi kutoka pale uliposimama, mpaka ufike?”

Hapana, na mitihani hutegea hapo hapo. Dijkstra, algoriti ya kutafuta njia fupi kabisa, hulinganisha jumla kutoka mwanzo, kwa nodi zote, yaani vituo, ambazo hazijafungwa; kufunga ni kukubali jumla ya nodi kuwa ya mwisho.

Tuchukue mitaa ya Tanga, kutoka Ngamiani hadi Raskazone, dakika za kubuni, barabara za upande mmoja: Ngamiani–Makorora 2, Ngamiani–Chumbageni 3, Makorora–Raskazone 7, Chumbageni–Raskazone 4.

Anza Ngamiani: 0. Andika Makorora 2, Chumbageni 3, Raskazone bado ∞. Ndogo ni 2, funga Makorora; Raskazone inakuwa 2 + 7 = 9. Hapa wengi humaliza na kujibu 9. Lakini 9 ni makadirio tu, na Chumbageni ina 3. Ifunge hiyo, ingawa hakuna barabara kutoka Makorora kwenda huko. Sasa 3 + 4 = 7, chini ya 9: kata 9, andika 7, “kupitia Chumbageni”. Usiifute 9, msahihishaji anataka kuiona. Mwisho funga Raskazone kwa 7.

Kufunga huku kunahitaji uzito wa kila barabara, hapa dakika zake, usiwe hasi. Ongeza Chumbageni–Makorora −2: Makorora ingestahili 1, nawe umeshaifunga kwa 2.