Hisa ikigawanywa, fahirisi hupimaje?

Chukua kampuni tatu. A inauza hisa kwa 400, B kwa 100, na C kwa 100. Fahirisi ni namba moja inayoonyesha mwenendo wa soko la hisa; ile inayofuata bei hujumlisha bei hizo, 600, na kuzigawa kwa kigawanyo, ambacho siku ya kwanza ni 3. Kiwango cha fahirisi ni 200.

Sasa A inagawanya kila hisa yake kuwa nne. Bei inashuka hadi 100, lakini mwenye hisa hajapoteza chochote kwa sababu ana hisa nne badala ya moja. Jumla ya bei imebaki 300. Ukiendelea kugawa kwa 3 utapata 100, kana kwamba nusu ya soko imeteketea usiku mmoja. Kwa hiyo kabla soko halijafunguliwa hutafutwa kigawanyo kipya: 300 ÷ 200 = 1.5. Mimi hupiga hesabu mara mbili kwa bei za kufungia: bei za kabla ya mgawanyo kwa kigawanyo cha zamani, na bei zilizorekebishwa kwa kigawanyo kipya. Majibu yasipolingana, kuna kosa, na sitoi namba yoyote mpaka nilione.

Kiwango kimeokolewa, ila uzito wa A umebadilika, na kigawanyo hakiwezi kuurudisha. Kabla ya mgawanyo, A ikipanda asilimia 10 fahirisi ilifika 213.33. Baada yake, kupanda kulekule kunaifikisha 206.67 tu. Kampuni ni ileile na faida yake ni ileile, lakini sauti yake ndani ya fahirisi imepungua kwa nusu. Kwangu huu ndio udhaifu mkubwa wa Dow Jones, fahirisi ya Marekani inayofuata bei. Apple ilipogawanya hisa zake nne kwa moja Agosti 2020, uzito wake kwenye Dow ulishuka vivyo hivyo.

Fahirisi inayofuata mtaji wa soko, kama S&P 500, huzidisha bei kwa idadi ya hisa. Tuseme A ina hisa milioni 10, B milioni 200 na C milioni 60. Mitaji yao ni milioni 4,000, 20,000 na 6,000. Jumla ni milioni 30,000, na tukigawa kwa milioni 150 tunapata 200. A ikigawanya hisa, bei inakuwa 100 na hisa milioni 40. Mtaji ni uleule, kigawanyo hakiguswi. Ikipanda asilimia 10, fahirisi inafika 202.67, iwe kabla au baada ya mgawanyo. B ikipanda hivyo, inafika 213.33.

Hapa kigawanyo huguswa kwa sababu nyingine. C ikitoa hisa mpya milioni 15 kwa bei ya 100, mtaji wote unakuwa milioni 31,500 bila bei yoyote kupanda. Kigawanyo kinapandishwa hadi milioni 157.5, na fahirisi inabaki 200.