Kisukari cha mimba: kipimo cha kunywa sukari, kikombe cha uji na mtoto aliye tumboni

Sista, mkojo wangu ulipimwa kliniki ukawa hauna sukari. Mbona bado naambiwa niende maabara nikanywe sukari?

Kwa sababu mkojo husema uongo wakati wa ujauzito. Figo za mjamzito huchuja damu nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo kuna wanawake ambao sukari huvuja kwenye mkojo ilhali damu yao ni nzima, na wengine damu imepanda lakini mkojo haukuonyesha kitu. Usisubiri dalili pia, maana wengi hawana yoyote. Kiu na kukojoa mara kwa mara ni mambo ambayo kila mjamzito analalamikia.

Tatizo linaanzia kwenye kondo la nyuma. Linatoa homoni zinazoifanya insulini ya mama isifanye kazi vizuri, na kadiri kondo linavyokua ndivyo homoni hizo zinavyoongezeka. Kongosho la mama likiweza kutoa insulini ya ziada, mambo yanakwenda. Likishindwa, sukari inabaki kwenye damu. Ndiyo maana kipimo kinafanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, wakati mzigo umeshakuwa mzito lakini muda wa kurekebisha bado upo. Kama uliwahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4, una uzito mkubwa, au mama yako ana kisukari, omba upimwe tangu hudhurio la kwanza.

Asubuhi ya kipimo nifanyeje? Mwenzangu alitapika akaambiwa arudi siku nyingine.

Siku tatu kabla, kula kama ulivyozoea, wali na ugali vikiwemo. Kuna akina mama wanaojinyima wanga ili "wafaulu", na matokeo yake kipimo hakisemi kweli. Usiku kula mapema, kisha usile kitu kwa masaa 8 mpaka 14. Maji ya kawaida unaruhusiwa.

Maabara watakutoa damu kwanza ukiwa na njaa. Halafu utapewa gramu 75 za glukosi kwenye maji, kama glasi moja hivi, uimalize ndani ya dakika tano. Ni tamu mno, kusema kweli inachefua, ila maji yakiwa ya baridi inashuka vizuri zaidi. Saa inahesabiwa tangu funda la kwanza. Damu inatolewa tena baada ya saa moja, na tena baada ya masaa mawili. Katikati kaa ukitulia. Ukienda kuzunguka sokoni, misuli itaila ile sukari na majibu yatashuka. Ukitapika, mwambie mtaalamu pale pale, kwani kipimo hicho kimeharibika na kinarudiwa.

Majibu yangu ni 5.3, 10.4 na 8.1. Nimeambiwa la mwisho ni zuri. Sasa nina kisukari au sina?

Unacho. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, inatosha jibu moja tu kati ya matatu kufika kwenye mpaka. Mipaka yenyewe, kwa milimoli kwa lita, ni 5.1 ukiwa na njaa, 10.0 baada ya saa moja na 8.5 baada ya masaa mawili. La kwako la tatu limepona, lakini la kwanza na la pili yamevuka. Na mama ambaye sukari yake ya njaa inafika 7.0 ni habari nyingine: huyo huenda alikuwa na kisukari kabla hata ya mimba, na anahitaji kuonwa haraka.

Sukari kwenye chai nimeacha kabisa, soda sigusi, bado kipimo cha kidole kinapanda asubuhi. Nini kinanipandisha?

Niambie umekunywa nini saa moja asubuhi. Mara nyingi ni uji.

Nilikuwa na mama wa wiki ya 28, mtu makini, anayeandika kila kitu kwenye daftari. Chakula cha mchana baada ya saa moja alikuwa anapata 7.2, usiku 7.4. Asubuhi 9.3, siku nne mfululizo. Tunataka njaa iwe chini ya 5.3, na saa moja baada ya kula iwe chini ya 7.8. Alikuwa anakunywa vikombe viwili vya uji wa lishe, bila sukari, na alikuwa na uhakika kwamba uji wa lishe hauwezi kumdhuru mjamzito. Lakini unga uliosagwa laini ukachemshwa unageuka sukari haraka sana tumboni, na asubuhi homoni za mwili huwa zimeshaidhoofisha insulini. Vitu viwili vimekutana saa mbaya.

Hatukumnyima kifungua kinywa, maana kushinda njaa nako kunaleta shida. Tulibadilisha: mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha kinachotosha kiganjani, nusu parachichi, na chai ya maziwa kikombe kimoja bila sukari. Akimaliza anatembea dakika 15 kwenda dukani na kurudi. Siku ya tatu alipata 7.1. Uji hakuuacha moja kwa moja. Aliuhamishia saa kumi jioni, nusu kikombe, pamoja na karanga.

Mchana na usiku fuata sahani: nusu iwe mchicha, matembele au mboga nyingine ya majani, robo iwe maharage, dagaa, samaki au kuku, na robo iliyobaki iwe wanga, yaani ugali usiozidi ngumi yako. Chungwa ulile, usilikamue. Juisi ya machungwa matatu inashuka kwa dakika moja.

Wiki moja au mbili zikipita na namba bado ziko juu, daktari ataongeza metformini au insulini. Hapo hujashindwa kula vizuri. Kondo limekuzidi nguvu, basi.

Mtoto wangu atazaliwa na kisukari?

Hapana. Ila sukari yako inapita kwenye kondo na kumfikia, na insulini yako haipiti. Kwa hiyo kongosho lake dogo linalazimika kutoa insulini yake kwa wingi, na insulini kwa mtoto ni homoni ya kukuza. Ananenepa, hasa mabegani na tumboni. Wakati wa kujifungua kichwa kinaweza kutoka mabega yakakwama, na hiyo ni dharura ya dakika chache. Ndiyo sababu nasisitiza uzalie hospitali yenye uwezo wa upasuaji.

Jambo la pili linatokea kitovu kikishakatwa. Sukari ya mama imekoma ghafla, lakini insulini ya mtoto bado ni nyingi, hivyo sukari yake inaporomoka. Ukiona anatetemeka, amelegea au hataki kunyonya, ita muuguzi mara moja. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, na wao watampima kwa tone la damu kisiginoni. Mwingine hupata manjano au kupumua kwa shida. Sukari ikidhibitiwa mapema, hatari zote hizi hupungua sana.

Nikishajifungua nimepona?

Kondo likitoka, sukari kwa kawaida hurudi chini ndani ya siku chache. Lakini rudi upimwe kati ya wiki ya 6 na ya 12, kipimo kile kile cha kunywa, kwa sababu kisukari cha ukubwani kinakunyemelea zaidi kuliko mwenzako. Yule mama wa uji alikuja wiki ya 7, mtoto mgongoni: njaa 5.0, masaa mawili 6.9. Safi. Tumempangia apime tena mwakani, na kabla ya mimba nyingine.