Kumwombea mzazi miadi kwa mshauri nasaha: "wasiwasi kwa ufupi" maana yake nini

Kumwombea mzazi miadi ni kumtafutia, kwa niaba yake, nafasi ya kuzungumza na mshauri nasaha wa shule. Si kuzungumza badala yake. Anayeomba anaweza kuwa shangazi, kaka mkubwa, jirani, au mwalimu wa darasa aliyefuatwa na mzazi asiyejua aanzie wapi. Ombi lenyewe lina mambo matatu tu: wewe ni nani kwa mtoto huyu, mzazi ana wasiwasi gani, na anapatikana lini. La kwanza na la mwisho huandikika upesi. Linalosumbua watu ni la katikati, kwa sababu mtu akiambiwa aeleze wasiwasi kwa ufupi hudhani anatakiwa kuutafutia jina.

Mdogo wangu alinipigia usiku mmoja akilia. "Dada, huyu mtoto ana sonona. Niandikie kwa mshauri wa shule, mimi maneno hayanijii." Nikaandika karibu ukurasa mzima. Nikaeleza jinsi yeye na mumewe walivyotengana, nikaeleza nyumba waliyohamia, nikaongeza na maoni yangu kuhusu malezi. Kabla ya kutuma nikamsomea. Hakunifikisha mbali. "Hayo ya baba yake yamefikaje humo?" akauliza, na sauti yake ikaniambia kwamba nilikuwa nimeuchukua mdomo wake.

Tukayafuta yote. Nikamuuliza swali moja: umeona nini? Akasema mtoto anaumwa kichwa asubuhi. Kila siku? Akanyamaza kidogo, nikamsikia akihesabu siku. Jumanne na Alhamisi. Jumamosi na Jumapili? Hapana, siku hizo huamka mzima. Ilianza lini? Tangu shule ilipofunguliwa, yapata wiki tatu. Kutokana na majibu hayo tukapata ujumbe huu:

"Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni mama mkubwa wa mwanafunzi wa darasa la sita (tukaandika jina lake). Mama yake ameniomba nimtafutie miadi nawe, na ujumbe huu ameusoma. Kwa wiki tatu sasa mtoto analalamika kuumwa kichwa asubuhi za Jumanne na Alhamisi, na siku hizo hulia akikataa kwenda shule. Mwaka jana hakuwa hivyo. Daktari amempima, hakuona ugonjwa. Mtoto bado hajui kuhusu ombi hili. Mama anaweza kufika Jumatano au Ijumaa, kuanzia saa nane mchana. Namba yake ni hii hapa. Tafadhali mjibu yeye mwenyewe."

Angalia kilichobaki: kilichoonekana, kimeanza lini, hutokea wakati gani, na kimebadilika vipi. Neno "sonona" halimo. Wala hatukuliondoa kwa kuona aibu. Ukimpa mshauri jina la ugonjwa, unampa hitimisho lako na kumnyima ulichokiona, naye atalazimika kuanza upya kuuliza uliyaona wapi hayo. Isitoshe, mzazi huja kwenye kikao akiwa amejiandaa kulitetea lile jina badala ya kusimulia. Ukimpa mshauri siku na saa za ulichokiona, anaweza kuanza kazi kabla hamjaonana: kufungua daftari la mahudhurio, kutazama ratiba, kumuuliza mwalimu wa darasa kwa upole. Kwa mtoto wetu, ratiba ndiyo iliyosema. Jumanne na Alhamisi zote mbili zilianza na kipindi cha michezo, na mwaka huo ndipo walipoanza kubadilisha nguo katika chumba kimoja na wavulana wakubwa. Hilo lisingeonekana ndani ya neno "sonona".

Ufupi una sababu nyingine. Hujui ni nani ataufungua ujumbe. Simu ya ofisi hupokewa na karani, barua pepe ya idara husomwa na zaidi ya mtu mmoja. Mambo ya ndoa, ya ugonjwa wa mtu mwingine nyumbani, au jina la mwanafunzi anayeshukiwa kumwonea mtoto, yangoje chumba chenye mlango uliofungwa. Likiwapo jambo zito ambalo mzazi anataka mshauri ajue kuwa lipo, sentensi moja yatosha: "Kuna jambo la kifamilia ambalo mama angependa kulieleza ana kwa ana."

Sasa hilo neno "kwa niaba". Maneno "ameniomba" na "ujumbe huu ameusoma" si ya adabu tu. Mshauri analinda siri za mtoto, na hawezi kumwambia mtu asiye mzazi wala mlezi yanayomhusu mtoto huyo bila ridhaa. Bila maneno hayo, mshauri makini huenda akakujibu kwa baridi, au asikwambie hata iwapo anamfahamu mtoto huyo. Usimwone ana kiburi. Anafanya kazi yake. Na mzazi akiwa hajakutuma, ukaamua mwenyewe kumsaidia kimyakimya, basi hilo si ombi la miadi kwa niaba yake. Ni taarifa yako kuhusu mtoto, na uiseme hivyo.

Sentensi ambayo wengi huisahau ni ile ya mtoto kujua au kutojua. Mimi naiona ni ya lazima. Mshauri asipoambiwa, anaweza kumwita mtoto kutoka darasani kwa nia njema kabisa, wenzake wote wakitazama, naye akafika mlangoni bila kujua mama yake amesema nini. Mtoto wa miaka 12 akishtukizwa hivyo hufunga mdomo, na kumfungua tena huchukua muda mrefu.

Kama mzazi na mshauri hawaelewani lugha, litaje hilo pia mapema, ili atafutwe mtu mzima wa kutafsiri. Mtoto mwenyewe asifanywe mkalimani wa kikao kinachomhusu. Atayapunguza yanayomuumiza, au atayabeba yasiyo ya umri wake.

Kuna hali ambazo ujumbe wa kuomba miadi haufai kabisa. Mtoto akisema anataka kufa, akionekana amejiumiza kwa makusudi, au kukiwa na dalili kwamba kuna mtu anamdhuru, usiandike "tunaomba nafasi wiki ijayo". Piga simu siku hiyohiyo, sema wazi kwamba ni dharura, na mtoto asiachwe peke yake. Shule ikiwa imefungwa, nenda hospitali au kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto. Hapo pia mzazi ajue kwamba siri ina mpaka: mshauri akiona maisha ya mtoto yako hatarini, atawashirikisha wengine.

Katika hali ya kawaida, siku mbili za shule zikipita bila jibu, tuma ujumbe uleule ukiwa na mstari mmoja juu: "Mwalimu, nakumbushia ombi hili la Jumatatu." Usiongeze maelezo mapya kwa kudhani ya kwanza hayakutosha, mara nyingi ujumbe haujasomwa tu.

Jibu letu lilikuja kesho yake, likaenda kwa mama: Ijumaa, saa nane na nusu, chumba kilicho karibu na maktaba. Akaniuliza kama niende naye. Nikamwambia nitamsindikiza hadi getini. Alipotoka, baada ya kama dakika 40, sikumuuliza walizungumza nini. Aliniambia mwenyewe, njiani, alipokuwa tayari.