Silent haitoshi

"Wakati nasoma, nikiweka simu silent na kuifunika hapo mezani si inatosha?"

Silent inazima mlio tu, mkono bado unaijua njia. Mara nyingi hata meseji haijaingia, we mwenyewe ndo unaichukua ucheki saa, kushtuka uko kwenye status za watu. Jipime: kwa Android nenda Settings, Digital Wellbeing, angalia namba ya Unlocks kabla hujaanza kusoma saa 2 usiku, halafu saa 3 ukimaliza. Kesho yake iache simu chumba kingine, mezani weka saa ya kawaida na daftari la kuandika vitu vya kugoogle baadae (hapo ndo wengi tunanaswa), ulinganishe. Unaesubiri simu ya nyumbani, washa Do Not Disturb uruhusu namba hiyo tu.